Mkono Niliouficha

Mimi si mtu wa kutulia. Mama yangu alisema nilimpiga mateke tumboni mpaka mkunga akacheka, na hata leo nikikaa kitini goti langu la kulia huanza kucheza lenyewe bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo baba mdogo aliponiambia kwamba watu wengi hukosa kazi kwa magoti kabla hawajaikosa kwa mdomo, nilijua nimekwisha.

Baba mdogo alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sehemu kubwa ya maisha yake aliketi kwenye meza ya mapokezi ya ofisi moja kule Embu, kabla hajastaafu na kurudi nyumbani Gachoka kuchunga mbuzi na kupanda ndengu. Watafuta kazi walipita mbele yake miaka nenda miaka rudi. Aliwaona wanaokuja wamechelewa wakihema, wanaokuja na harufu ya pombe ya jana, wanaomwita "wewe" kisha wakiingia ndani wanasema "shikamoo mkubwa". Na wakubwa, alisema, wakishamaliza maswali yao humwita mtu wa mapokezi na kumuuliza: yule alikusalimia? Alikaaje pale nje?

"Intavyu inaanza kwa geti," aliniambia. "Ukifika kwa meza ya wakubwa, ni kama imeshaisha."

Kazi niliyoitiwa ilikuwa ya kupima maziwa katika chama kimoja cha wafugaji kule Meru. Nilikuwa na cheti cha mifugo nilichokipata Embu, na cheti hicho kilikuwa kimelala sandukuni kwa mama kwa muda mrefu kuliko nilivyokisomea. Ilikuwa miaka ya tisini, kazi za serikali zimefungwa, na vijana wenye vyeti walikuwa wengi kuliko mbuzi.

Lakini si kazi tu niliyoihangaikia. Kule kule chuoni nilikuwa nimempata msichana wa Meru, wa sehemu za juu karibu na Nkubu, na tulikuwa tumekubaliana. Wazee wetu walikwishapanda mlima na asali kubisha hodi kwao. Baba yake aliipokea asali, akawakarimu, kisha akasema kwa upole kwamba hana neno na sisi Wambeere, ila binti yake hatampa mtu anayekaa tu. Kijana apate kazi kwanza, halafu warudi kuzungumza. Na akaongeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kuna mwalimu mmoja wa jirani ambaye naye ameuliza. Wazee waliporudi na maneno hayo sikula. Nilimpenda yule msichana, na huyo mwalimu sikupata kumwona, lakini nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Ni yeye msichana aliyenipa habari za nafasi ile. Mama yake alikuwa karani wa chama hicho hicho, katika kituo cha kukusanyia maziwa karibu na kwao, mbali na makao makuu ya mjini. Tulipatana tusimwambie kitu. Nilitaka nikiipata kazi niwe nimeipata mwenyewe, asije mtu akasema nimebebwa na gauni la mama mkwe.

Basi baba mdogo akaanza kunifunza, na mafunzo yake yalikuwa ya kijeshi. Alinisimamisha nyuma ya ghala na kunifundisha kutembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Nisikae mpaka niambiwe. Nikikaa, mgongo uguse kiti lakini usilale, viganja juu ya mapaja, macho kwa yule anayeuliza. Nisikunje mikono kifuani, maana hiyo ni dharau. Nisiiweke mifukoni, maana huo ni uhuni. Na zaidi ya yote nisiifiche nyuma ya mgongo, maana mtu anayeficha mikono mbele ya wakubwa ameiba kitu au anajiandaa kuiba.

Kazi ilikuwa kwenye salamu. Sisi tumelelewa kumpa mkubwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kichwa kimeinama, macho chini, na vidole vimelegea. Baba mdogo alisema salamu hiyo ni nzuri kwa nyanya yangu, lakini mezani kwa wakubwa nitaonekana mgonjwa. Nisubiri mkubwa atoe mkono kwanza. Akiutoa, niushike wote, si vidole tu, niukaze kiasi, mara moja, niachie. Na nimtazame machoni. Hapo ndipo niliposhindwa. Kila nilipomtazama baba mdogo machoni nilijisikia kama nimemtukana. Tulirudia mpaka mbuzi wakachoka kutuangalia, na kila mara alinipa mkono wake mgumu na kuniambia, "Tena."

Viganja vyangu navyo hutoka jasho. Kwa hilo alikuwa na dawa: kitambaa kikavu mfuko wa kulia, nikishike kwa siri dakika ya mwisho kabla ya kuitwa.

Koti lilikuwa lake. Mabega yalinitosha, mikono ilikuwa mifupi, kwa hiyo mama alishusha pindo mpaka ukabaki uzi. Tai aliifunga baba mdogo, akanionyesha kwamba ncha yake iishie kwenye mkanda, isiwe juu kama ulimi wa ndama wala chini kama kamba ya mbuzi. Akaniagiza nisilifungue fundo, niilegeze tu na kuivua kichwani, nikaisafirisha hivyo hivyo kwenye karatasi.

Nilikwenda Meru siku moja kabla. Hilo nalo lilikuwa agizo, kwamba mtu asafiri asubuhi ya mahojiano kama hataki kazi. Nililala kwa binamu yangu aliyekuwa akiuza viazi soko la Gakoromone. Jioni hiyo hiyo nikaenda kuitafuta ofisi, ili kesho nisije nikaulizauliza njia nikiwa na tai shingoni. Nikaiona, jengo la mawe lenye veranda, na ndani pale mapokezi alikuwa msichana mja mzito, mchangamfu, amejishika kiuno. Nilimwambia nimekuja tu kuona mahali. Akacheka, akasema watu wote wangekuwa na akili hiyo angezeeka polepole. Tulipeana mkono. Niliukaza kiasi, mara moja, nikaachia, nikamtazama machoni, na nikatoka pale nikijiona bwana mkubwa. Kesho nitamkuta rafiki, nikajiambia.

Usiku mvua ilinyesha. Sisi watu wa chini hatuijui mvua ya Meru. Asubuhi udongo mwekundu wa Gakoromone ulikuwa umegeuka uji, na binamu yangu aliangalia viatu vyangu vilivyong'arishwa akatikisa kichwa. Akaniazima gambuti zake za mpira. Nilipanda mji mzima nikiwa na koti, tai, na gambuti za muuza viazi, viatu vyangu nimevikumbatia ndani ya gazeti. Watu waliniangalia. Nilikuwa nimetoka mapema mno, nikafika ofisi haijafunguliwa, nikazunguka jengo, nikarudi, nikazunguka tena, mpaka askari wa getini akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilimsalimia kama nilivyofundishwa. Akaniruhusu nibadilishe viatu kibandani mwake, akazipokea gambuti akaziweka kando ya jiko lake. Aliniambia nisiogope, nimewahi. Kisha akanipa habari kama mtu anayesimulia hali ya hewa: yule dada wa mapokezi ameshikwa na uchungu usiku, amepelekwa hospitali, na meneja ametuma gari alfajiri kuchukua karani mwingine kutoka vituo vya juu aje ashike meza.

Ningekuwa na akili ningeuliza kituo gani. Lakini nilikuwa nikikagua tai yangu kwenye kioo cha dirisha la askari.

Niliingia. Nilipokuwa kibandani walikuwa wametangulia wawili, mwanamume mwenye suti inayometa na dada mmoja mwenye faili mapajani, wamekaa kwenye benchi. Nyuma ya meza alisimama mama mnene wa makamo, kitambaa cha kichwa cha rangi ya samawati, akimpa mkono kila anayeingia. Alizunguka mpaka pembe ya meza ili mkono ufike. "Karibu mwanangu," aliniambia, na mkono wake ukaja.

Nilimjua kabla hajamaliza neno. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kanisani kwao, siku msichana aliponionyesha kwa mbali na mimi nikajificha nyuma ya kwaya. Lakini hata nisingemwona, ule ulikuwa uso wa msichana wangu uliozidishwa miaka. Alikuwa mama mkwe wangu. Muthoni, kama tunavyosema.

Asiyetoka kwetu anaweza kucheka. Kwetu Mbeere, na kwao Meru vilevile, kwa watu walioshika mambo ya zamani, mwanamume hampi mkono mama wa msichana anayemuoa. Hamtazami usoni. Hakai kiti alichotoka kukalia. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Si chuki, ni heshima kubwa kuliko zote, na hailegei mpaka mbuzi wa kufungua salamu apelekwe, na asali yetu ilikuwa bado haijafika huko. Nyanya yangu alinifundisha jambo hilo kabla sijajua kusoma. Baba mdogo, katika mafunzo yake yote ya mikono na macho, hakulitaja, kwa sababu nani angefikiri?

Mkono ulikuwa pale mbele yangu. Yeye hakunijua kwa sura. Nyuma yangu mlango ulifunguka, na meneja, mwanamume mrefu aliyekuja kutoka upande mwingine wa nchi, akaingia akiwa na mafaili na kusimama ili apite. Ndiyo hali aliyonikuta nayo: mama wa watu amenyoosha mkono, na mimi nimeugeuzia uso, natazama kalenda ya ng'ombe ukutani.

Nilimwambia yule ng'ombe jina langu. Nikaongeza kwamba nimekuja kwa mahojiano.

Jina langu mama yule alilijua vizuri, lilikwishazungumzwa nyumbani kwake juu ya asali. Nilisikia kiti kikisogezwa, kisha kalamu ikaandika. Yule wa suti alinong'ona jambo na dada wa faili akaniangalia kwa jicho ambalo ningemwangalia nalo mtu mwenye tabia hiyo. Meneja alipita bila kunisalimia.

Sikuweza kukaa kwenye lile benchi, lilimtazama mama mkwe uso kwa uso. Nikatoka verandani nikasimama, huku rasharasha za mvua zikinirukia viatu. Goti likaanza. Nilitembea kutoka nguzo hadi nguzo. Nilijiuliza kama niingie nimwambie meneja, nikajiuliza nitamwambiaje, kisha nikajiuliza kama nichukue gambuti zangu niende zangu. Nikamfikiria yule mwalimu wa jirani. Nikarudi kwenye nguzo ya kwanza. Kitambaa cha mfukoni kilikuwa kimelowa kama nimekioshea vyombo.

Zamu yangu ilipofika mama mkwe hakuja kuniita. Alimtuma yule dada wa faili, aliyekuwa ametoka ndani, aje aniambie. Nilipita mapokezi nikiwa nimeangalia sakafu upande wa ukuta, na kwa pembe ya jicho nikaona kwamba naye amegeuka, anapanga kitu kwenye rafu isiyokuwa na kitu.

Ndani walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mzee mfugaji, mvi kichwani, mikono mikubwa ya kukamua. Kando yake afisa wa ushirika wa wilaya, aliyeandika muda wote, na mwisho meneja. Mwenyekiti alinipa mkono, nikaukaza mara moja na kuachia. Niliambiwa nikae, nikakaa. Mgongo, viganja, macho. Kwa muda kidogo nilimwona baba mdogo nyuma ya ghala akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Meneja alianza kwa kuniuliza kama nina jamaa yeyote anayefanya kazi katika chama. Nikasema sina. Lilitoka haraka, na lilipokwisha kutoka nikaanza kulipima. Sikuwa nimeoa. Mahari haijatajwa. Jamaa ni nani? Goti liligusa meza, nikalishika kwa kiganja.

Kisha yakaja maswali ya kazi, na hayo niliyajua. Nikawaeleza kwamba kwanza ninanusa na kuangalia, maana pua ni kipimo cha bure. Kisha laktomita: maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi, kwa hiyo kipimo huzama zaidi ya kinavyopaswa, na nisisahau joto la maziwa kabla sijamhukumu mtu. Nikaeleza jaribio la spiriti, kiasi sawa cha maziwa na spiriti, yakigandana yamekwisha kuharibika na hayafai kwenda kiwandani. Mwenyekiti akaniuliza nitafanya nini nikikuta jirani yangu ameongeza maji. Nikasema nitamrudishia maziwa yake kwa heshima, pembeni, si mbele ya foleni. Alitabasamu. Nilianza kupumua.

Meneja akafunga faili lake. "Swali langu la mwisho," alisema. "Hapo nje kuna mama amekupea mkono, ukaukataa. Mkulima akileta maziwa lita moja amevaa matambara, utamsalimia ama utaangalia ukuta?"

Hasira ilinipanda, na nilijua sina haki ya kuwa nayo. Yeye alikuwa ameona alichokiona. Baba mdogo mwenyewe angenifukuza. Kama ningekaa kimya, kazi imekwenda kwa ajili ya kiburi ambacho sina. Kama ningesema, imekwenda kwa ajili ya lile "sina" la mwanzoni. Niliangalia viganja vyangu, kisha nikamwangalia machoni kama nilivyofundishwa.

"Sikumdharau," nikasema. "Yule ni muthoni wangu. Naoa msichana wake, hatujamaliza. Kwetu siwezi kumshika mkono."

Afisa wa ushirika aliacha kuandika. Meneja aligeukia wenzake, akauliza kama hilo ni jambo la kweli au ni hadithi, na akakumbusha kwamba dakika chache zilizopita nilisema sina jamaa hapa. Mwenyekiti aliinuka, akafungua mlango na kumwita mama aingie.

Alisimama karibu na mlango, ubavu kwangu, na alikuwa amevuta kitambaa cha kichwa mpaka kimefunika shavu la upande wangu. Mwenyekiti alimuuliza kama ananijua.

"Mimi simjui," akasema.

Sikumwelewa. Baadaye niliambiwa na binti yake kwamba alikwishakaa kwenye meza ile akifikiri. Alijua sheria ya chama ya kutoajiri jamaa wa wafanyakazi, alijua jina langu, alijua alichosema mumewe, akaamua kwamba wakimuuliza atanikana ili nipate kazi. Alikuwa amepanga kunisaidia tangu nilipozungumza na kalenda. Hakujua kwamba mimi nimekwisha kusema kweli.

Meneja aliandika kitu na kukipigia mstari. Kwake sasa nilikuwa mwongo mara mbili, na wa kuokota mama za watu. Lakini mwenyekiti alikuwa Mmeru na mzee, na alikuwa anakitazama kile kitambaa kilichovutwa.

"Sawa," alimwambia taratibu. "Kama haumjui, si umsalimie tu, vile umesalimia wale wengine."

Nilisimama, kwa sababu mtu wa rika lake hasalimiwi na kijana aliyekaa. Nje askari alikuwa akikokota lango. Mama yule alibaki ameelekea ukutani, kisha mabega yake yakashuka, akageuka. Alitembea kuja kwangu huku macho yake yakiwa sakafuni. Na nikaona mkono wake wa kulia unaanza kuinuka. Alikuwa ameamua. Mbele ya wanaume watatu, mmoja wao mzee wa kwao atakayeyapeleka maneno nyumbani, angejivunjia heshima ya maisha yake yote ili mimi nipewe laktomita.

Nilirudisha mikono yangu nyuma ya mgongo, yote miwili, nikaishikanisha huko nyuma kama mtu aliyefungwa pingu.

"Mama hana makosa," nikamwambia mwenyekiti. "Amenifichia tu. Kosa ni langu nilivyosema sina jamaa."

Mkono wake uliishia hewani, akauteremsha na kuufunika kwa leso. Alisema kwa sauti ndogo sana, akilielekezea dirisha maneno hayo, kwamba amesema uongo na kwamba mimi ndiye niliyesema kweli. Kisha akatoka. Meneja aliniambia bila ukali kwamba nashukuriwa kwa kuja. Mwenyekiti aliinuka akanipa mkono tena, akaushika muda mrefu kuliko baba mdogo alivyoruhusu. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka jengo kwenye matope na viatu vyangu vya kung'aa, nikachukua gambuti zangu kwa askari.

Kazi alipewa yule dada wa faili. Sikuwa na la kulalamika. Niliulizwa swali la wazi nikajibu nusu, na sheria ya chama ilikuwa sheria. Mama mkwe alipewa onyo kwa maandishi, akarudishwa kituoni kwake. Niliposikia hilo niliumia kuliko nilivyoumia kwa ajili ya kazi.

Baba mdogo alinisikiliza hadithi yote akiwa anakata kwato za mbuzi. Nilipofika pale pa mikono aliacha kisu. Aliniuliza kama ni kweli niliiweka nyuma. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama koti lake limepata matope. Akarudi kwenye kwato zake, na mimi jioni nzima sikuweza kukaa wala kulala, nikatembea mpaka barabarani na kurudi, mpaka mama akaniambia ninamtia kizunguzungu.

Wiki zikapita. Habari zikaja kwamba mwalimu amerudi kuuliza mara ya pili. Niliwasihi wazee wapande tena mlima, hivyo hivyo, bila kazi. Walikataa. Walisema mtu harudi kwenye mlango aliofungiwa akiwa na mikono mitupu, na kwamba mimi ndiye nitakayewaaibisha. Ni baba mdogo aliyevaa koti lake, pindo zikiwa bado zimeshuka, akasema ataongoza yeye. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Nilibaki Gachoka, na sidhani kama siku hiyo niliketi chini hata mara moja.

Yaliyotokea aliyanisimulia yeye. Waliketishwa, wakapewa uji. Baba wa msichana aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile alilouliza mwanzo, kwamba huyu kijana wenu sasa anafanya nini. Wazee wetu waliangalia bakuli zao. Baba mdogo akaanza kuvuta pindo za koti lake.

Wanawake walikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, kama inavyopasa. Huko vyombo vikanyamaza. Kisha sauti ya mama mwenye nyumba ikapita katikati ya mbao, haikupandishwa wala kushushwa.

"Huyo wacheni kumuuliza maswali," alisema. "Mimi nimeshamfanyia intavyu. Semeni tu mbuzi wa salamu analetwa lini."